Mita 72 za Mshangano: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Songea

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAELEZO YA UONGO YA MADALALI WA NYUMBA ZA KUPANGA

Mimi ni mpangaji katika Kata ya Mshangano, mtumishi niliyehamishiwa Songea katikati ya mwaka kama wanavyohamishwa wengi. Barua hii ningeweza kuileta masjala ikagongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Nimeiandika hadharani kwa sababu kila ninayemsimulia yaliyonikuta ananijibu kwa kisa chake, na visa vyote vinafanana mahali pamoja: aliyetoa maelezo ya nyumba hakuyaandika popote, na aliyepokea kodi anasema maelezo hayo hayamhusu.

Dalali wangu alinitumia tangazo kwa WhatsApp nikiwa bado kituo cha zamani. Ninalo mpaka leo. Linasema ni apatimenti mpya iliyopo Mshangano, vyumba viwili kimoja masta, sebule kubwa, jiko, mita za mraba 72, umeme unajitegemea, haina unyevu, kodi shilingi 250,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita. Chini yake kuna picha nne zilizopigwa kutoka pembeni mwa mlango, simu ikiwa imeinuliwa juu, ambazo zinaifanya sebule ionekane kama ukumbi wa mikutano.

Nilikuja kuiona mwezi Agosti. Rangi ilikuwa inang'aa, sakafu ina tailizi, madirisha ya alumini. Chumba cha pili kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na dalali akaeleza kwamba mwenye nyumba amehifadhi humo saruji na ndoo za rangi, ila kinalingana na hiki kikubwa, tofauti ni mlango tu. Nililipa shilingi 10,000 ya kuoneshwa, 250,000 ya udalali ambayo ni kodi ya mwezi mmoja kama desturi ilivyo, na 1,500,000 ya kodi. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja. Umetaja jina langu, jina la mwenye nyumba, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na katazo la kupiga misumari ukutani. Ukubwa wa nyumba haumo. Hali ya nyumba haimo. Na dalali, aliyesema karibu kila neno lililonifanya nitoe fedha, jina lake halimo hata kama shahidi.

Nieleze kwanza habari ya vipimo, kwa sababu ndipo udanganyifu wa aina hii unapojificha vizuri zaidi. Watu wengi wa kwetu hawapangi kwa mita za mraba. Tunauliza vyumba vingapi, choo ndani au nje, maji yapo. Dalali anapotaja mita anajua msikilizaji wake hana cha kulinganisha nacho. Namba inatajwa ili nyumba isikike ya kisasa, na kodi ipande pamoja nayo.

Tailizi za nyumba hii ni zile za sentimita 30 kwa 30, kwa hiyo mtu hahitaji hata tepu ya fundi. Anahesabu. Sebule ina tailizi 14 kwa 10, maana yake mita 4.2 kwa 3, ambazo ni mita za mraba 12.6. Chumba kikubwa kina 11 kwa 10, yaani mita za mraba 9.9. Chumba kilichokuwa na kufuli kina 9 kwa 8, yaani 6.5 hivi. Jiko ni 7 kwa 6, choo 7 kwa 4, na kikorido kinachoviunganisha ni 13 kwa 3. Ukijumlisha vyote, sakafu ninayoweza kuikanyaga ndani ya mlango wangu haifiki mita za mraba 39.

Sasa 72 zilitoka wapi? Nilidhani dalali amebuni tu, mpaka fundi mmoja anayejua ramani ya jengo akanionesha. Upande wangu wa jengo, ukipimwa kwa nje, kuanzia uso wa ukuta huu hadi uso wa ukuta ule, ni mita 8 kwa 6. Hizo ni mita za mraba 48. Kuta za matofali ya kuchoma zikishapigwa plasta pande zote mbili zinakula kama sentimita 20 kila moja, na kuna kuta za kugawa vyumba pia, kwa hiyo zaidi ya mita za mraba 9 za hiyo 48 ni ukuta mtupu. Juu ya 48 imeongezwa baraza ya mbele, mita 8 kwa 1.5, ambayo jirani yangu naye anapita kwenda kwake. Hiyo ni 12. Kisha ikaongezwa njia ya pembeni yenye ukubwa uleule, inayotumiwa na nyumba zote mbili kupitisha pikipiki na kuanikia nguo. Nayo ni 12. Hapo ndipo 72 inapotimia, bila namba yoyote kubuniwa.

Namba iliyobuniwa huanguka ukiiuliza swali moja. Namba iliyopimwa kwa namna isiyohusiana na maisha ya mpangaji inaweza kutetewa, na mwenye nyumba wangu aliitetea, ramani mkononi. Wapimaji wa majengo duniani wana viwango vinavyotenganisha kipimo cha nje ya kuta na kipimo cha ndani ya kuta, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake: cha nje kinamsaidia mkandarasi, cha ndani kinamhusu anayekwenda kuweka kitanda. Hata sheria yetu ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatofautisha sehemu ya mtu mmoja na maeneo ya pamoja. Baraza na njia ya pembeni ni maeneo ya pamoja. Mtu akiyaingiza katika hesabu ya nyumba yangu na kuyaingiza tena katika hesabu ya jirani yangu, amekodisha eneo moja mara mbili.

Athari yake si ya kwenye karatasi. Chumba cha pili kina upana wa mita 2.4. Kitanda cha futi sita kwa sita kinachukua mita 1.83, na kinachobaki ni kama sentimita 57, wakati mlango wenyewe unafungukia ndani. Watoto wangu wanaingia kwa ubavu. Kabati lao lipo sebuleni, na sebule ndiyo ile "kubwa". Kuhusu masta, choo ni kimoja tu chenye milango miwili, mmoja unatokea kwenye kikorido na mwingine chumbani kwangu. Dalali alikihesabu kama choo cha familia alipoongea na mke wangu, na kama masta alipoongea na mimi. Mgeni akija, inabidi mtu akumbuke kukomea milango yote miwili. Umeme nao haujitegemei, mita ya LUKU ni moja kwa nyumba zote mbili, na kila mwezi tunakaa kikao na jirani kugawana uniti.

Unyevu ni kisa kingine, na hapa hali ya hewa ya Songea inampa dalali msaada mkubwa. Mvua zetu zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Uhamisho wa watumishi, na kwa hiyo msimu wa kutafuta nyumba, huangukia sana miezi ya Julai na Agosti, wakati wa kiangazi. Nyumba yoyote hapa mjini huonekana kavu mwezi Agosti. Desemba, baada ya mvua za mwanzo, rangi ya sebule yangu ilianza kutoka malengelenge kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Ukiyabonyeza yanapasuka na unga mweupe unadondoka kwenye tailizi. Kufikia Januari ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na fangasi nyuma ya kitanda, na shuka zinanuka ukizikunjua.

Fundi huyohuyo alieleza chanzo, na nakieleza kwa sababu wapangaji wengi huambiwa kwamba ni bomba limepasuka au kwamba hawafungui madirisha. Tofali la kuchoma linanyonya maji. Kwenye nyumba iliyojengwa sawasawa, juu ya msingi na chini ya kozi za kwanza za ukuta huwekwa nailoni nene ambayo mafundi wanaiita dipisii, kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande. Isipowekwa, au ikichanwa wakati wa kujenga, au udongo wa nje ukijazwa hadi ukapita usawa wake, maji hupanda ndani ya tofali na plasta, kwa kawaida mpaka karibu mita moja kutoka sakafuni. Yanapofika uso wa ukuta yanakauka, lakini chumvi iliyokuja nayo haiendi popote. Inabaki hapo, inajikusanya, inasukuma rangi kutoka ndani. Ule unga mweupe ndiyo chumvi yenyewe.

Rangi mpya haitibu hali hiyo. Inaificha kwa miezi michache, hasa ikipakwa kiangazi. Na kuna dalili zinazobaki hata baada ya kupakwa, ambazo sasa nazijua na ningependa kila mtumishi anayehamia Songea azijue. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kuanzia sakafuni kwenda juu: plasta iliyoachana na tofali inalia kama debe tupu, na iliyoshika inatoa sauti nzito. Kwangu, sehemu ya chini yote inalia. Tazama ukuta kwa ubavu, taa ya simu ikiwa imelala ukutani: kiraka kinaonekana kwa mstari wake hata kama rangi ni moja. Angalia vichwa vya misumari na skrubu za soketi za chini kama vina kutu. Tazama dari la jipsamu kwenye pembe kama kuna duara la rangi ya chai, maana hilo ni la bati linalovuja na halihusiani kabisa na dipisii. Zunguka nje uone kama udongo umepanda juu ya msingi. Na uwaulize majirani, kabla hujamuuliza dalali, kwa nini aliyetangulia alihama.

Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba nyumba ilipigwa plasta ya kiraka na kupakwa rangi mwezi Julai, baada ya mpangaji aliyetangulia kuondoka akilalamikia kuta. Ndoo za rangi zilizofungiwa katika chumba cha pili ndizo zilizotumika. Dalali alikuwapo siku ya kupaka, kwani ndiye aliyemleta mpakaji.

Nilipokwenda kwa mwenye nyumba, alinisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Mimi sikukuambia mita 72. Malizana na dalali wako." Neno "wako" lilinishangaza. Nilipompigia dalali, akasema, "Kaka, nyumba uliiona kwa macho yako ukasaini. Mimi kazi yangu ni kukutanisha watu." Majibu haya mawili ndiyo yanayomaliza malalamiko karibu yote ya aina hii Songea, kwa hiyo naomba niyachukue moja moja.

Kwanza, "malizana na dalali wako". Ni kweli udalali nililipa mimi. Lakini aliyempa dalali funguo ni mwenye nyumba, aliyemwambia atafute mpangaji ni mwenye nyumba, na aliyemtuma kumleta mpakaji rangi ni mwenye nyumba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inapoeleza udanganyifu inataja kitendo cha mhusika wa mkataba, au kilichofanywa kwa ridhaa yake, au kilichofanywa na wakala wake. Sheria hiyohiyo, katika sehemu inayohusu uwakala, inasema maneno ya uongo ya wakala akiwa katika kazi aliyotumwa yana matokeo sawa na kama yangesemwa na aliyemtuma. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuchukua 1,500,000 iliyoletwa na maneno ya dalali halafu akayakana maneno yenyewe. Akitaka, atamdai dalali wake baadaye.

Pili, "uliiona kwa macho yako". Hili ni jibu lenye nguvu zaidi, na simdharau anayelitoa. Kifungu cha 19 kinampa mtu aliyepotoshwa haki ya kuuvunja mkataba, ila kinaweka sharti: kama ni upotoshaji tu, au ni kunyamaza, na mlalamikaji alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, mkataba hauvunjiki kwa sababu hiyo. Kwa sebule, natambua mwenye nyumba ana hoja. Mlango ulikuwa wazi, tailizi zilikuwa zinahesabika. Kwa chumba cha pili hana. Kufuli lilikuwa lake, na maelezo kwamba kinalingana na kikubwa yalitolewa na mtu aliyejua si kweli. Kwa unyevu hoja inazidi kupungua, maana kifungu cha 17 kinataja waziwazi kuficha jambo kwa vitendo kunakofanywa na mtu anayelijua. Kuziba plasta iliyoharibika, kupaka rangi juu yake, kisha kutangaza kwamba nyumba haina unyevu, ni kuficha kwa vitendo. Uangalifu wa kawaida wa mpangaji hauendi mpaka kubandua rangi ya nyumba asiyoilipia.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa hata kama hazikuandikwa, na mojawapo ni kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu pango linapoanza na itaendelea kuwa hivyo. Ukurasa ule mmoja unaozungumzia misumari ukutani, kwa hiyo, unabeba mengi kuliko unavyoonekana.

Mpangaji akishajua haki hiyo, anadai nini hasa? Wapo walionishauri nidai nirudishiwe kodi kwa uwiano wa mita, yaani nimelipia 72 nikapata 39, nirudishiwe karibu nusu. Sikubaliani nao. Kodi hapa mjini haipangwi kwa mita ya mraba, na Baraza la Kata likikuuliza ni nani Mshangano anayelipa kwa mita, huna jibu. Hesabu inayosimama ni ya tofauti kati ya kodi ya nyumba niliyoelezwa na kodi ya nyumba niliyopewa. Mtaani kwangu nyumba za vyumba viwili vidogo zenye LUKU ya kushirikiana zinapangishwa kwa 180,000. Tofauti ni 70,000 kwa mwezi, kwa miezi sita ni 420,000. Hiyo ndiyo niliyomwandikia mwenye nyumba, pamoja na gharama ya kutibu ukuta wa watoto. Kwa dalali nimedai udalali wangu wote, maana amelipwa kwa huduma ambayo ilikuwa ni kunieleza nyumba.

Na ipo hatari moja ambayo watu hawaitaji. Anayegundua udanganyifu kisha akaendelea kukaa kimya, akalipa tena kipindi cha pili, anaweza kuhesabiwa ameikubali nyumba kama ilivyo. Lalamiko la mdomo halimsaidii. Liandikwe barua yenye tarehe, nakala ibaki, picha za ukuta zihifadhiwe pamoja na tangazo la WhatsApp bila kufutwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokewa kama ushahidi. Mkataba nao ulipiwe ushuru wa stempu, ambao kwa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa mbele ya baraza, na wenye nyumba wajanja wanalijua hilo.

Shauri langu sasa lipo Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka mlalamikaji anaweza kuendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sitasema zaidi juu ya shauri lenyewe. Sijamtaja mwenye nyumba wala dalali kwa jina katika barua hii, na sikuombi uwatafute.

Ninachokuomba kinahusu wale wanaokuja baada yangu. Zamani mpangaji alikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005, na sababu zilikuwapo, kwa kuwa ilikuwa inawabana wenye nyumba mpaka wanaacha kujenga. Lakini ilipoondoka, hakuna kilichowekwa mahali pake kumsimamia mtu wa katikati. Kenya wanayo sheria ya mawakala wa majengo tangu mwaka 1984, yenye bodi ya kuwasajili. Bado wana madalali wa vichochoroni, kama kila mpangaji wa Nairobi atakavyokuambia, ila angalau aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza. Dalali wangu hana. Ofisi yake ni simu na pikipiki, na akiharibu jina Mshangano anahamia Msamala.

Kutunga sheria ya nchi ni kazi ya Bunge, sikutwishi hilo. Manispaa, hata hivyo, inatoa leseni za biashara, ina watendaji wa kata na wa mitaa, na inaweza kutunga sheria ndogo kwa idhini ya waziri. Naomba mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti ya kutisha.

La kwanza ni daftari. Kila ofisi ya mtaa iwe na orodha ya madalali wanaofanya kazi katika mtaa huo, jina, namba ya simu na nakala ya kitambulisho, na dalali asiyekuwamo asipokee fedha ya mpangaji. Wenyeviti wa mitaa tayari wanashuhudia mikataba mingi ya kupanga. Ni suala la kuongeza mstari mmoja: nani alileta hawa watu wawili pamoja.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni fomu ya maelezo ya nyumba ya ukurasa mmoja, inayojazwa na kusainiwa na dalali na mwenye nyumba kabla ya fedha yoyote kutoka, na kuambatishwa kwenye mkataba. Iseme urefu na upana wa kila chumba, umepimwa ndani ya kuta, ukisimama kwenye sakafu. Baraza, ngazi na njia za pamoja ziandikwe peke yake chini, na isitolewe jumla inayozichanganya na vyumba. Iseme vyoo ni vingapi, vya kuhesabika kwa masinki, sio kwa milango. Iseme mita ya LUKU na ya maji ni ya nani. Iulize swali hili bila kuzunguka: je, katika msimu wa mvua uliopita nyumba hii ilikuwa na unyevu au kuvuja, na ukuta au dari limerekebishwa lini? Na kama kuna chumba ambacho mpangaji hakuoneshwa, kitajwe.

Fomu haitamzuia mwongo kudanganya. Itamlazimu aandike uongo wake na kuusaini, na hapo jibu la "mimi nilikutanisha watu tu" linakosa pa kusimama. Itamlinda pia dalali mwaminifu, maana wapo, ambaye leo anashindana na anayetangaza mita 72 kwa nyumba ya 39 na kupoteza wateja kwa sababu ya kusema kweli. Kwa mwenye nyumba, ni kinga dhidi ya mpangaji atakayekuja baadaye kudai aliahidiwa kisichokuwapo. Nimezungumza na madalali wachache katika kata hii, na lawama yao kwangu ilikuwa moja tu: kwamba kujaza fomu kutachelewesha biashara. Kupima nyumba ya vyumba viwili kwa tepu kunachukua muda mfupi kuliko kusubiri bodaboda mjini saa za jioni.

Ndugu Mkurugenzi, watumishi wengine watahamishiwa Songea Julai ijayo, na wataanza kutafuta nyumba wakati kuta zote zimekauka. Naomba fomu hiyo iwe imefika katika ofisi za mitaa ya Mshangano kabla ya mwezi huo.

Wako,
Mpangaji,
Kata ya Mshangano,
Songea.